Jibu lako halifanani na la lekchara? Usifute kwanza

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, tumepewa shiti ya semina ya intigresheni ina majibu ya lekchara nyuma. Nimefanya mwenyewe afu nikalinganisha. La 3, ∫ sin x cos x dx, nimepata −½cos²x + C, wao ½sin²x + C. La 5, ∫ x e^(2x) dx, nimepata ½x e^(2x) − ½e^(2x) + C, wao mwishoni wana −¼e^(2x). La 6, ∫ x e^(x²) dx kutoka 0 mpaka 1, hilo ndo nimepata sawa, ½(e − 1). La 7, ∫ x(x²+1)³ dx kutoka 0 mpaka 2, mi 2 wao 78!! La 8, ∫ ln x dx, nilikuwa na x ln x − x + C, kwao ni x ln x + x + C, nikafuta nikaweka la kwao. Picha za kazi yangu nimeambatanisha. Yaani nimepata moja tu kati ya matano, nakosea wapi?"*

Marahaba mdogo wangu. Nimezipitia picha zako zote na kwanza hiyo hesabu ya moja kati ya matano siyo. La 3 uko sawa kabisa. La 8 ulikuwa sawa mpaka ulipochukua ufutio. La 5 na la 7 umekosa kweli, na la 6 ambalo unalisifia ndo linanipa wasiwasi kuliko yote, ntakueleza kwa nini tukifika huko. Shida yako kubwa siyo intigresheni, ni namna unavyolinganisha, unaangalia sura ya jibu lako na sura ya jibu la lekchara, zikifanana unaweka vema zisipofanana unaweka kosa, na kwenye mada hii sura haikuambii kitu.

Uzuri wa intigresheni ni kwamba swali lenyewe linabeba kipimo chake. Ukilidiferenshieti jibu lako, unatakiwa urudi pale pale ulipoanzia, kwenye ile fanksheni iliyo ndani ya alama ya ∫. Ukirudi uko sawa hata kama shiti nzima inakupinga, usiporudi umekosa hata kama jibu lako linafanana na la shiti herufi kwa herufi. Kwa hiyo kabla hujafungua ukurasa wa majibu, diferenshieti kwanza.

Tuanze na la 3. Jibu lako ni −½cos²x. Kwa kanuni ya mnyororo, ile mbili ya juu inashuka, inabaki −½ × 2cos x, mara diferensheli ya cos x ambayo ni −sin x. Hasi mara hasi chanya, nusu inaliwa na mbili, unabaki na sin x cos x. Swali limerudi, kazi imeisha, vema.

Sasa mbona la lekchara lina sin na la kwako lina cos? Kwa sababu we kwenye picha umechukua u = cos x, yeye kachukua u = sin x, na njia zote mbili zinaruhusiwa. Kuna mwenzako mwingine darasani lazima kakumbuka sin 2x = 2 sin x cos x akaishia na −¼cos 2x + C, naye yuko sawa, na pengine sa hivi naye analia kama we. Ukitoa jibu lako kwenye la lekchara unapata ½sin²x + ½cos²x, ambayo ni ½ tupu, namba isiyo na x ndani yake. Majibu mawili ya intigro isiyo na limiti yakiachana kwa namba tupu ni jibu moja, ile tofauti inamezwa na C.

Ila hapo hapo kuna mtego na nimeona wengi wakiuangukia. Ile C yako na ile C ya lekchara siyo namba moja. Tuseme swali linaendelea linasema y = 3 pale x = 0. Kwa lekchara, ½sin²0 ni sifuri, kwa hiyo C = 3. Kwako, −½cos²0 ni −½, kwa hiyo C = 3.5. Mwanafunzi akiona kwenye majibu C = 3 anaichomeka kwenye jibu lake lenye cos, na pale pale jibu zima linaharibika kwa nusu. Ukianza na sura yako malizia na sura yako mpaka mwisho. Ukiwa na limiti, mfano kutoka 0 mpaka π/2, hilo halikusumbui, lake linatoa ½ na lako linatoa ½, maana C inajikata yenyewe.

Ukiwa huna muda wa kudiferenshieti, au jibu ni refu linatisha, kuna njia ya kalkuleta. Chukua x mbili au tatu, chomeka kwenye jibu lako, chomeka kwenye la lekchara, toa. Tofauti ikiwa ile ile kila mara ni dalili nzuri kwamba yanatofautiana kwa konstanti tu. La 3 kwa mfano: x = 0, la lekchara 0, lako −0.5, tofauti 0.5. x = 1, la lekchara 0.354, lako −0.146, tofauti 0.5 tena. Poa.

Lakini usichague x za kizembe. Ukiwa na sin na cos ukachomeka 0 na π unaweza kudanganywa mchana kweupe. Mtu aliyeandika ½sin x (amesahau kupandisha mraba) akichomeka 0 anapata 0, akichomeka π anapata 0, na la lekchara nalo linatoa 0 na 0, basi anafurahi yuko sawa na wala hayuko sawa. Chagua vitu vya ajabu ajabu kama 0.3 na 1.1 ambavyo havina urafiki na fanksheni yoyote. Na kalkuleta iwe kwenye redian!! Hili nalisema kila semina na kila semina kuna mtu. Ile kalkuleta yenye kitufe cha ∫ ukiiacha kwenye digrii ukaipa sin x cos x kutoka 0 mpaka π/2 itakuletea kama 0.0215 badala ya 0.5, kwa sababu inadhani unatoka digrii 0 mpaka digrii moja na nusu hivi, afu mtu anakaa kutafuta kosa kwenye kazi yake ambayo haina kosa.

Haya, la 5. Hili umekosa, ila ona jinsi kosa linavyojitaja lenyewe. Diferenshieti jibu lako, ½x e^(2x) − ½e^(2x). Kipande cha kwanza ni x mara e^(2x), kwa hiyo kanuni ya zao, unapata ½e^(2x) + x e^(2x). Kipande cha pili kinatoa −e^(2x). Jumlisha:

x e^(2x) − ½e^(2x)

Ulitakiwa upate x e^(2x) peke yake. Kuna mabaki, −½e^(2x). Watu wakiona mabaki wanachana karatasi wanaanza upya na wanarudia kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi. Usianze upya. Mabaki yanakuambia mambo mawili. La kwanza, yale yenye x mbele yako sawa, x e^(2x) imetoka safi, maana yake kipande cha ½x e^(2x) hakina tatizo, usikiguse. La pili, kosa liko kwenye kipande chenye e^(2x) tupu, yaani kile cha mwisho. Umeshapunguza eneo la kutafuta kutoka ukurasa mzima mpaka mstari mmoja.

Sasa rudi kwenye picha yako. Umeandika u = x, dv = e^(2x) dx, v = ½e^(2x). Sawa. Mstari wa pili, ½x e^(2x) − ½∫ e^(2x) dx. Sawa kabisa. Mstari wa tatu, ½x e^(2x) − ½e^(2x) + C. Hapa. Umeintigreti e^(2x) ukapata e^(2x). Na kinachonifurahisha ni kwamba mistari miwili juu, ulipokuwa unatafuta v, uliintigreti hiyo hiyo e^(2x) ukapata ½e^(2x) bila shida. Kwa hiyo siyo kwamba hujui. Nadhani kilichotokea ni kwamba uliiona ile ½ imekaa tayari nje ya ∫ ukahisi kugawa kwa mbili kumeshafanyika. Hapana, ile ya nje ni nusu ya v, imetoka kwenye hatua ya kwanza. Intigro mpya iliyobaki ndani inadai nusu yake yenyewe, na nusu mara nusu ndo hiyo robo ya lekchara.

Kosa hili utakutana nalo tena kwenye kila intigresheni bai patsi ya kurudia mara mbili, mfano x² e^(2x), pale unaintigreti e^(2x) mara tatu na mtu aliyesahau moja tu ya zile nusu anakosa tena. Dawa yake ni ndogo: usifanye ile intigro ya pili kichwani. Iandike pembeni peke yake, ∫ e^(2x) dx = ½e^(2x), afu ndo uipeleke kwenye mstari mkuu.

Na kama unataka kurekebisha bila kuanza upya, mabaki yanakupa hata marekebisho. Diferensheli yako imepungua ½e^(2x), kwa hiyo ongeza intigro ya ½e^(2x), ambayo ni ¼e^(2x). −½ + ¼ = −¼. Hilo hapo jibu la lekchara. Kwenye mtihani ukibakiwa na dakika mbili hii ni mali, ingawa msahihishaji ataona mstari wako wa tatu bado umevunjika, kwa hiyo rekebisha na mstari wenyewe usibandike tu namba mpya mwishoni.

Ukijaribu ile njia ya kalkuleta hapa utaona inavyokataa. x = 0, la lekchara −0.25, lako −0.5, tofauti 0.25. x = 1, la lekchara 1.847, lako 0, tofauti 1.847. Haziko sawa, kwa hiyo siyo suala la C, ni kosa la kweli. Hapo ndo unaona kwa nini la 3 na la 5 hayafanani kabisa ingawa kwa macho yote mawili ni "jibu langu halifanani na lao".

La 7 sasa, 2 kwa 78. Kabla ya kufungua majibu ungeweza kujua mwenyewe kwamba 2 haiwezekani. Angalia x(x²+1)³ inafanya nini kati ya 0 na 2. Kwenye x = 1 ni 1 × 8 = 8. Kwenye x = 2 ni 2 × 125 = 250. Inapanda muda wote. Kwa hiyo kutoka 1 mpaka 2 peke yake, grafu haishuki chini ya 8 na upana ni 1, eneo lake tu ni zaidi ya 8. Eneo zima litakuwaje 2? Ukadiriaji kama huu unachukua nusu dakika na hauhitaji kujua jibu, kwenye maswali yenye limiti fanya kila mara.

Kosa lenyewe: umeweka u = x² + 1, du = 2x dx, vizuri, afu ukaandika ½∫ u³ du kutoka 0 mpaka 2. Zile 0 na 2 ni za x. Umehamia kwa u lakini limiti umeziacha zinaishi kwa x. Na kuna kitu kingekushtua hapo hapo, u ni x² + 1, haiwezi kushuka chini ya 1 hata siku moja, sasa inaanzaje kwenye 0? Ilitakiwa hivi:

x = 0 → u = 1
x = 2 → u = 5
½∫ u³ du kutoka 1 mpaka 5 = ⅛(5⁴ − 1⁴) = ⅛ × 624 = 78

Au kama hutaki kubadilisha limiti, intigreti bila limiti, rudisha u iwe x² + 1, upate ⅛(x²+1)⁴, ndo uchomeke 2 na 0. Inatoka 625 kutoa 1 gawa kwa 8, 78 hiyo hiyo. Mi binafsi napendelea kubadilisha limiti kwa sababu ni fupi, lakini mwanafunzi anayejikuta anasahau mara kwa mara bora aende na njia ya kurudi kwa x, au angalau aandike kwenye alama ya ∫ "x=0" na "x=2" badala ya 0 na 2 tupu. Ukiandika hivyo, siku ukihamia kwa u ule mwandiko wa "x=" utakukera mwenyewe utaurekebisha. Unachokatazwa ni kuchanganya, u ndani na x kwenye limiti.

Na hapa ndo narudi kwenye la 6 lako ulilopata. ∫ x e^(x²) dx kutoka 0 mpaka 1. Umeweka u = x², mstari unaofuata umeandika ½∫ e^u du kutoka 0 mpaka 1, jibu ½(e − 1), na la lekchara ni hilo hilo, ukaweka vema kubwa. Lakini kwenye picha sioni popote ulipobadilisha limiti. Ilitokea tu kwamba 0 mraba ni 0 na 1 mraba ni 1, kwa hiyo limiti za u na limiti za x ni namba zile zile. Umefanya kosa lile lile la la 7, hapa likakubebea kwa bahati. Swali lingekuwa kutoka 0 mpaka 2 ungeandika ½(e² − 1) wakati jibu ni ½(e⁴ − 1), na usingejua. Kama we ulibadilisha kichwani basi samahani, ila kwa ushahidi wa la 7 sidhani.

Ndo maana nasema la 6 linanipa wasiwasi. La 5 na la 7 shiti imekuambia umekosa ukaja kuuliza. La 6 shiti imekuambia umepata, ungeenda nalo hivyo mpaka chumba cha mtihani. Kwa hiyo ukilinganisha na majibu ya lekchara, yale uliyopata nayo pitia mstari kwa mstari, hasa pale ambapo yeye kaonyesha hatua ambayo kwako haipo. Kwenye shiti yako lekchara kaandika mstari mzima wa "x = 0, u = 0; x = 1, u = 1". Ulidhani anapoteza wino.

La 8 ni fupi. Diferenshieti la shiti, x ln x + x: kanuni ya zao inatoa ln x + 1, jumlisha 1 ya ile x, unapata ln x + 2. Swali lilikuwa ln x. Halijarudi. Diferenshieti la kwako, x ln x − x: ln x + 1 − 1, ln x. Limerudi. Kwa hiyo kosa ni la shiti, karibu lazima ni la kuchapa, mtu alikuwa na −x kwenye daftari ikageuka +x kwenye kompyuta. Na hakikisha pia unajua hiyo −x inatoka wapi ili usiyumbishwe tena: u = ln x, dv = dx, v = x, kwa hiyo x ln x − ∫ x × (1/x) dx, ndani x zinakatana inabaki ∫ 1 dx ambayo ni x, na ile alama ya kutoa ya mbele yake ni sehemu ya kanuni yenyewe, haiwezi kugeuka kujumlisha.

Makosa ya aina hii kwenye majibu ya shiti yapo, hasa alama na namba za chini ya sehemu, ila usiwe mtu wa kusema shiti imekosea kila usipofanana nayo. Ukweli ni kwamba mara nyingi zaidi wa kukosea ni mwanafunzi. Ndo maana unapima pande zote mbili, unadiferenshieti lako na unadiferenshieti la shiti. Yakirudi yote mawili ni kama la 3, mmepishana sura. La shiti likirudi la kwako likagoma, kama la 5, fuata mabaki. La kwako likirudi la shiti likagoma, kama la 8, shiti ina kosa. Yakigoma yote mawili, angalia tena umenakili swali vizuri, mara nyingi mtu kasoma 3x kama x³.

Rudisha jibu lako la 8 kwenye daftari. Afu kabla ya semina ijayo mfuate lekchara au yule msaidizi wake, usimwambie "sir jibu lako siyo", mwonyeshe tu mstari mmoja, diferensheli ya x ln x + x ni ln x + 2, ataelewa mwenyewe na atawatangazia wengine, maana sa hivi kuna nusu darasa wamefuta jibu sahihi kama we. Na la 7 lifanye tena kwa njia zote mbili, afu badilisha la 6 liwe kutoka 0 mpaka 2 ulifanye nalo, ukipata ½(e⁴ − 1) bila kuangalia hapa basi hilo la limiti limekaa. Ukikwama tuma picha ya mistari yote usitume jibu la mwisho tu, kwenye jibu la mwisho sioni umekosea wapi.